Kwa nini shimo la taka huwaka tena kesho yake wakati wa kaskazi

*Shikamoo. Naishi Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Redio inatangaza kila siku kwamba kiangazi kimekaza, tuwe waangalifu na moto wa kupikia na wa kuchoma taka, na tuhakikishe umezimika kabla ya kulala. Mimi huchoma taka jioni upepo ukishatulia, kisha nafunika kwa mchanga, na majivu ya jikoni nayamwaga humo humo shimoni baada ya chakula cha usiku. Juzi nililala shimo likiwa kimya kabisa, lakini kesho yake karibu na saa sita mchana nyasi za shamba la jirani zilishika moto kuanzia hapo. Nilikosea wapi?*

Marahaba. Moto wako haukuwaka upya, kwa sababu haukuwa umezimika. Ulikuwa ukifukuta chini ya mchanga usiku kucha, ukaongezewa makaa ya jikoni, na upepo wa kaskazi ulipopata nguvu mchana ukaufunua. Tangazo la redio ni la kweli kila neno, ila lina upungufu mmoja: linataja moto wa kupikia na moto wa taka kana kwamba ni mambo mawili, ilhali katika nyumba nyingi za huku kwetu mioto hiyo miwili hukutana shimoni. Tena linasema "hakikisheni umezimika" bila kueleza mtu atahakikisha vipi, na macho peke yake hayatoshi kwa kazi hiyo.

Moto una namna mbili za kula kitu. Ya kwanza ni mwali, ambao unahitaji hewa nyingi na huonekana na kila mtu. Ya pili ni kufukuta, ambako kitu huungua polepole kikiwa chekundu kwa ndani, bila mwali na mara nyingi bila moshi wa kuonekana, kwa hewa kidogo tu inayopenya kwenye nyufa. Majani ya mwembe na makaratasi huungua kwa mwali na kwisha mara moja. Makumbi ya nazi, vifuu, vipande vya magogo, mizizi iliyokufa na mavi makavu ya ng'ombe hufukuta, na makumbi ndiyo mabaya kuliko vyote, kwa sababu nyuzi zake hushika hewa katikati. Wazee wetu huyaacha yafukute chini ya mti wapate moshi wa kufukuzia mbu, nao huwadumu kuanzia magharibi hadi alfajiri bila kuongezwa chochote. Yakirundikana mengi shimoni huweza kufukuta kwa siku kadhaa. Kaa linalofukuta lina joto la nyuzi 500 au zaidi, na nyasi kavu zinahitaji kiasi cha nyuzi 300 tu ili zishike.

Sasa fikiri ulichofanya ulipofunika kwa mchanga. Mchanga wa pwani ni mkavu na una nafasi nyingi baina ya chembe zake, kwa hiyo hauzuii hewa yote. Unapunguza hewa kiasi cha kuua mwali, lakini unaacha ya kutosha kufukuta, na wakati huo huo unazuia joto lisitoke. Waliowahi kukanyaga mahali palipochomwa samaki ufukweni, mchanga ukiwa umesawazishwa vizuri juu yake, wanalijua jambo hili kwa nyayo zao. Majivu nayo hufanya kazi ile ile, tena vizuri zaidi kuliko mchanga, na ndiyo maana kaa lililozikwa ndani ya majivu jioni hukutwa hai asubuhi na mtu anayetaka kuwashia jiko. Kwa hiyo kila usiku ulipomwaga majivu yenye chembe za makaa juu ya shimo, uliweka blanketi jipya juu ya moto wa zamani, na ndani ya blanketi hilo mlikuwa na moto mwingine.

Linabaki swali la saa. Kwa nini usiku ulikuwa salama, asubuhi ikawa salama, halafu mambo yakaharibika mchana? Hapa inafaa tuifuate siku moja ya kaskazi, kuanzia uliposhika kiberiti.

Saa kumi na mbili jioni upepo wa baharini unalegea. Nyasi, zilizokauka mchana kutwa, zinaanza kunywa unyevu wa hewa, kwa kuwa hata kiangazi hewa ya pwani yetu haiishiwi maji. Unawasha, moto unapanda wima, na kila kitu kinaonekana kutii. Usiku unavuma upepo mwepesi wa kutoka bara, na kabla ya alfajiri umande unatua. Unyasi mwembamba hubadilika haraka sana: huweza kupokea au kupoteza unyevu wake ndani ya saa moja au mbili tu. Hivyo saa kumi na mbili asubuhi, cheche ikirukia kwenye nyasi hizo, huenda ikafa yenyewe. Mtu anayekagua shimo wakati huo anaona amani tupu na kwenda zake kazini.

Jua likishapanda, saa tatu hadi saa nne, umande umekwisha. Kuanzia saa tano nchi kavu imepata joto, upepo wa baharini unaanza kuingia, na kwa kuwa kaskazi nayo inavuma kutoka kaskazini-mashariki, pepo hizi mbili zinasaidiana badala ya kupingana. Zinapuliza mchanga mwepesi na majivu kutoka juu ya shimo. Makumbi yaliyokuwa yakipata hewa ya kubana pumzi sasa yanapata hewa tele, yanageuka mekundu, kisha yanatoa mwali au yanarusha kichembe. Kichembe kinaanguka kwenye nyasi ambazo sasa zimekauka kama karatasi, na hakuna mtu mzima nyumbani. Kwa hiyo jioni uliyoichagua kwa nia njema ina hila ndani yake. Ni saa nzuri ya kuwasha, lakini ni saa mbaya ya kuacha, kwa sababu inaukabidhi moto kwa mchana wa kesho yake.

Jambo jingine ambalo tangazo haliligusi ni mahali shimo lilipo. Hukunieleza liko upande gani wa nyumba, lakini nimezunguka viunga vingi vya huku na naweza kukisia. Watu wengi huchimba shimo la taka wakati wa kusi, kwa kuwa kusi ndiyo inayodumu sehemu kubwa ya mwaka, na wanachoangalia ni moshi usiingie ndani. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, hivyo shimo huwekwa kaskazini mwa nyumba, demanini, yaani upande upepo unakoelekea, na moshi wote unakwenda zake. Ikifika Desemba upepo unageuka. Shimo lile lile, bila kusogezwa hata hatua moja, sasa liko joshini, yaani upande upepo unakotoka, na nyumba, jiko la makuti na zizi la mbuzi viko mbele yake. Simama shimoni kwako saa nane mchana, uangushe konzi ya majivu baridi, uone yanakoelekea. Yakielekea kwenye paa la makuti au kwenye nyasi ndefu, shimo hilo halifai kuwashwa hata kidogo mpaka kusi irudi, hata kama liko mbali kuliko unavyodhani inatosha.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwendo wa moto. Wataalamu wa moto wa nyika hukadiria kwamba moto katika vichaka vikavu sana husonga mbele kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mwendo wa upepo, na katika nyasi wazi zilizokauka kabisa huweza kufikia hata mara mbili ya hapo. Upepo wa kilomita 25 kwa saa si ajabu mchana wa kaskazi. Huo huweza kuusukuma moto kilomita mbili na nusu hadi tano kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, na mita 100 za shamba lililolala huisha kwa dakika mbili hivi. Katika dakika mbili hutaweza hata kufikia bomba na kurudi na ndoo. Gari la zimamoto likitoka mjini Malindi papo hapo, bado litakuta majivu.

Basi shimo la sasa lizimwe hivi. Fanya kazi hii asubuhi na mapema, wakati umande ungalipo na upepo haujaamka, wala usingoje jioni. Kwanza ondoa nyasi na takataka pande zote za shimo mpaka udongo uonekane, kwa upana wa mita tatu. Kisha usimwage maji kwa mkupuo. Ndoo nzima ikimwagwa juu ya majivu makavu hukimbilia pembeni au hupita kwenye mfereji mmoja mpaka chini, huku makumbi yaliyo hatua moja kando yakibaki makavu kabisa. Nyunyiza kidogo, geuza kwa jembe au koleo, nyunyiza tena, ukiyavunja mabonge na kuyafungua makumbi kwa ndani. Kijiko cha sabuni ya unga ndani ya dumu la lita 20 husaidia sana, kwa kuwa maji yenye sabuni hupenya kwenye majivu na nyuzi pale ambapo maji matupu huteleza juu. Kwa shimo la kipenyo cha mita moja lenye majivu ya kufika gotini, andaa madumu matatu au manne. Maji ya kufulia yanafaa, na waliokaa karibu na ufuo wanaweza kutumia ya bahari.

Ukiwa huna maji ya kutosha, na najua dumu moja huwa na bei yake kiangazi, toa vilivyomo na uvitandaze juu ya udongo mtupu kwa unene usiozidi kidole, uvichanganye na udongo mbichi uliochimbwa chini kidogo. Kufukuta hutegemea rundo. Kaa moja likiwa peke yake juu ya udongo baridi hupoteza joto haraka na kufa, bali makaa mia yakikumbatiana hulindana. Kazi hii ikamilike kabla ya saa tatu, na usiondoke.

Namna ya kuhakikisha ni kwa mkono. Ukigeuza, sikiliza kama kuna mchemko na angalia kama kuna mvuke. Ukiona vyote vimekwisha, weka mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa, kwa kuwa ngozi ya mgongo wa mkono huhisi joto upesi. Usipohisi kitu, gusa juu, kisha chimba kidogo na uguse chini. Popote penye joto, rudia maji na jembe. Kesho yake alfajiri rudi tena, na hapa kuna dalili ambayo wakulima wengi hawaiangalii: tazama umande. Ikiwa ardhi yote imelowa isipokuwa kiduara kimoja kilicho kikavu, chini ya kiduara hicho kuna moto. Moshi mwembamba nao huonekana vizuri zaidi saa hiyo, kwa sababu hewa imetulia nao hutambaa chini badala ya kutawanyika.

Kuhusu jikoni, sharti kubwa ni moja tu, kwamba majivu yasiende shimoni yakiwa na joto. Tafuta debe la bati lenye kifuniko, uliweke nje juu ya udongo mtupu, mbali na ukuta wa makuti na mbali na kuni, na majivu yakae humo siku mbili nzima kabla hujayapeleka popote. Plastiki haifai kwa kazi hii, wala gunia. Kama unatumia jiko la makaa, una njia bora zaidi na yenye faida: yatie makaa yaliyobaki ndani ya chungu kibovu au mkebe unaofungika barabara, uyafunike. Yakikosa hewa kabisa yatazima yenyewe, na kesho utayawasha tena, kwa hiyo gunia litakudumu zaidi. Tofauti na mchanga ni kwamba kifuniko kilichobana kinakata hewa kwelikweli.

Kwa wanaopikia kuni kwenye mafiga, jivu si hatari kubwa kama kijinga. Chakula kikiiva, mtu huvuta kuni nyuma na kuziacha zijizimie, na zile za mkoko au za mkorosho haziharakishi kufa. Chovya ncha ya kijinga ndani ya ndoo mpaka iache kulia, kisha uisimamishe mahali utakapoiona. Na mchana wa upepo mkali, usihamishie jiko uani kwa sababu ndani kuna joto. Najua banda la makuti lenye moto ndani halivumiliki mwezi wa Februari, lakini cheche moja ikipeperushwa na upepo kutoka uani na kunasa ndani ya makuti hufukuta kwanza kati ya tabaka kabla ya kutokeza, na ukiona moshi unatoka chini ya kipaa jua kwamba moto umeshatafuta njia kwa ndani. Hoteli za makuti za Malindi na Watamu zimeteketea mara kwa mara, nazo zilikuwa na maji ya mabomba na wafanyakazi wengi. Pika mapema, kabla ya saa nne, au ngoja jua lipungue.

Kisha kuna suala la kama unahitaji kuchoma kabisa. Majani ya mwembe na mkorosho unayofagia kila asubuhi ni mbolea. Yarundike kuzunguka shina la mnazi au mgomba, ukiacha nafasi ya hatua moja kutoka shinani na ukiyaweka mbali na jiko, nayo yatashika unyevu ambao udongo wetu wa mchanga hauwezi kuushika. Makumbi yafukie kwenye mashimo ya kupandia. Kinachobaki ni plastiki na makopo, na hivyo visichomwe kamwe, si kwa moshi wake tu. Mfuko mwepesi unaowaka hunyanyuliwa na upepo ukiwa na mwali wake, na mkebe wa dawa ya mbu ukipata joto hupasuka na kurusha moto mita kadhaa, kwa hiyo mita zako tatu za udongo mtupu hazitakuwa na maana. Nyinyi wa Ganda hamko karibu sana na msitu wa Arabuko-Sokoke, lakini walio Jilore au Kakuyuni wakumbuke pia kwamba kuwasha moto ndani ya msitu wa serikali bila ruhusa ni kosa kisheria, hata kama ni moto wa mlina asali.

Siku moto utakapotoroka, angalia urefu wa mwali kabla ya kufanya lolote. Ukiwa chini ya goti, watu wawili wenye matawi mabichi ya mwarobaini wanaweza kuupiga, wakianzia nyuma palipokwisha ungua na kusonga ubavuni kuelekea mbele, wakikandamiza tawi badala ya kulipeperusha juu. Ukifika kiunoni, acha. Usisimame mbele yake kwa hali yoyote. Toa watoto na mifugo, waite majirani walio upande unakoelekea upepo, piga 999 au 112, na kama umezingirwa, ingia kwenye eneo lililokwisha ungua, kwa kuwa moto haurudi pasipo na chakula.

Nirudi kwenye tangazo. Nafasi ya redio ni fupi, na anayeliandika analazimika kusema mengi kwa sekunde chache, kwa hiyo simlaumu. Ningepewa sentensi moja ya kuongeza ningeiweka hii: "Usimwage majivu ya jikoni kwenye shimo la taka mpaka uyaguse kwa mkono na kuyakuta baridi." Na ningeomba lisomwe saa kumi jioni, kabla watu hawajawasha, kisha saa nne asubuhi, wakati shimo la jana linapokaribia kuamka na bado kuna nafasi ya kwenda kulitazama. Linaposomwa saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, msikilizaji ameshamaliza kuchoma na ameshafunika. Ikiwa kituo chenu cha redio hupokea simu za wasikilizaji, hilo la saa lipeleke wewe mwenyewe, na ueleze kilichotokea kwenye shamba la jirani.

Usiache kulikagua shimo hilo pale mvua itakapoanza, mwezi wa Machi ukiisha au Aprili. Manyunyu ya kwanza ya masika hulowesha vidole viwili vya juu tu, majivu hushikamana na kuwa ganda gumu, na chini ya ganda hilo makumbi yanaweza kuendelea kufukuta mpaka siku ya jua kali lipasuke. Lifungue kwa jembe baada ya mvua ya kwanza, uguse, na likiwa baridi mpaka chini lifukie, kisha uchimbe jipya mahali ambapo si kusi wala kaskazi italiweka joshini mwa nyumba.